Oda ya pili ni bei gani? Hesabu ya wastani limbikizi na mahali inapopotosha

Mteja alinunua paneli nane za umeme za kuendeshea pampu. Zimefungwa, zinafanya kazi, na sasa anataka nane nyingine za aina ileile. Kabla hata hajauliza zitakuwa tayari lini, anauliza: "Mara hii mtanipunguzia kiasi gani? Si mmeshaizoea kazi?"

Ndani ya karakana swali hilo huzaa majibu matatu. Mtu wa mauzo amesikia kwamba kazi hii ina kiwango cha kujifunza cha asilimia 80, kwa hiyo anataka bei ishuke kwa asilimia 20. Mhasibu amefungua kompyuta, akakokotoa wastani wa saa kwa paneli 16, akauzidisha kwa nane. Msimamizi wa mafundi anasema paneli ni ileile na kazi ni ileile, kwa hiyo saa ziwe zilezile za mara ya kwanza. Wote watatu wamekosea, na anayestahili kusikilizwa kwa makini zaidi ni mhasibu, kwa sababu kosa lake lina sura ya hesabu sahihi.

Hesabu inayotakiwa hapa inategemea kitu kinachoitwa mkunjo wa kujifunza, na hasa ile namna yake inayotumia wastani limbikizi wa muda. Tuanze na maneno yenyewe.

Mkunjo wa kujifunza ni mstari unaoonyesha jinsi saa za kazi zinavyopungua kadiri kitu kilekile kinavyotengenezwa tena na tena na watu walewale. Wastani limbikizi ni jumla ya saa zote tangu kipande cha kwanza kabisa, ikagawanywa kwa idadi ya vipande vyote vilivyotengenezwa mpaka sasa. Kiwango cha kujifunza ni asilimia inayosema wastani huo unabaki kiasi gani kila idadi ya vipande inapoongezeka maradufu. Kiwango cha asilimia 80 maana yake ni kwamba kutoka kipande 1 kufika 2, au 2 kufika 4, au 4 kufika 8, wastani unabaki asilimia 80 ya ulivyokuwa.

Hapo tayari watu wengi hujikwaa. Asilimia 80 haielezi mafundi wameelewa kazi kwa kiasi gani, wala haina maana kwamba kila kipande kinachukua pungufu ya asilimia 20 kuliko kilichotangulia. Ingekuwa hivyo, na cha kwanza kikachukua saa 400, cha tisa kingekamilika kwa saa 67 tu. Hakuna fundi wa paneli atakayekubali jambo hilo. Kushuka kunafuata kila idadi inapokuwa maradufu, na maradufu huja kwa kuchelewa: kutoka 8 unahitaji vipande vinane zaidi ili kushuka hatua moja, na kutoka 16 unahitaji 16 zaidi. Pia asilimia ndogo ndiyo inayoonyesha kujifunza kwa kasi. Asilimia 100 ni kazi isiyopungua kabisa.

Aliyeandika kwanza kuhusu jambo hili kwa hesabu ni T. P. Wright, mhandisi wa Marekani katika tasnia ya ndege (si mmoja wa wale ndugu wawili waliorusha ndege ya kwanza). Katika makala yake ya mwaka 1936 alionyesha kwamba saa za kazi kwa ndege moja, zikichukuliwa kwa wastani limbikizi, zilishuka kwa kiwango cha karibu asilimia 80 kila uzalishaji ulipoongezeka maradufu. Ndege za wakati huo zilikuwa kazi ya mikono hasa, na ndiyo maana kiwango hicho kinaendelea kutajwa hadi leo, mara nyingine hata mahali kisipofaa.

Saa zinapotelea wapi

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, tazama fundi anayefunga paneli ya kwanza. Waya mmoja unapaswa kutoka kwenye swichi kuu mpaka kwenye kontakta. Anafunua mchoro, anatafuta namba ya waya, anapima urefu kwa kuushika waya wenyewe juu ya njia yake, anakata, anavua ganda, anabana kishikizo kwenye ncha, anaandika lebo, anafunga skrubu, kisha anarudi kwenye mchoro kutafuta waya unaofuata. Paneli ina waya mamia. Akifika katikati anagundua kwamba reli moja imefungwa chini mno na mfuniko wa njia ya waya hauingii, kwa hiyo anafungua alichokwisha kufunga.

Kwenye paneli ya tatu ameandika urefu wa kila waya kwenye karatasi. Kwenye ya tano anakata waya zote za rangi moja kwa pamoja na kuchapa lebo zote asubuhi. Kufikia ya nane reli zinatobolewa kwa kufuata kigezo cha bati, mchoro uko kichwani, na kosa la reli halirudiwi. Mikono yake haikuongeza kasi sana. Zilizopungua ni saa za kutafuta, kupima upya na kufungua kilichofungwa vibaya.

Hilo linaeleza kwa nini kushuka ni kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye: kasoro kubwa huonekana na kuondolewa mapema. Linaeleza pia kwa nini kazi ya mikono hujifunza zaidi ya kazi ya mashine, kwani mashine ikishawekewa kasi haina cha kujifunza. Wakadiriaji wana kipimo cha mkato: kazi ya kuunganisha ikiwa robo tatu ni ya mikono na robo ya mashine, kiwango huwa karibu asilimia 80; ikiwa nusu kwa nusu, karibu 85; ikiwa robo ni ya mikono, karibu 90. Kipimo hicho kinafaa pale tu ambapo huna kumbukumbu zako mwenyewe.

Karakana yetu inazo. Paneli ya kwanza ilichukua saa 400, na jumla ya saa za paneli zote nane, kwa mujibu wa kadi za kazi, ilikuwa 1,638. Wastani ni saa 204.8 hivi. Ukigawanya 204.8 kwa 400 unapata 0.512. Kutoka 1 mpaka 8 idadi imekuwa maradufu mara tatu, kwa hiyo kiwango ni namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu inatoa 0.512. Namba hiyo ni 0.8. Kwa maneno mengine, asilimia 80 ya mtu wa mauzo haikutoka hewani. Matumizi yake ndiyo yaliyopinda.

Kosa la mhasibu

Tukiendelea na kiwango hicho, hali ni hii:

| Paneli zote tangu mwanzo | Wastani limbikizi (saa) | Jumla ya saa zote |
|---|---|---|
| 1 | 400 | 400 |
| 2 | 320 | 640 |
| 4 | 256 | 1,024 |
| 8 | 204.8 | 1,638.4 |
| 16 | 163.84 | 2,621.4 |

Mhasibu alitazama mstari wa mwisho, akachukua saa 163.84, akazidisha kwa nane na kupata saa 1,311. Ila ile 163.84 ni wastani wa paneli zote 16, na nane kati ya hizo zimekwisha kutengenezwa, zimelipwa na zimeondoka. Ndani ya wastani huo bado imo ile paneli ya kwanza ya saa 400 pamoja na reli yake iliyofunguliwa. Ukimtoza mteja kwa wastani huo, unamtoza sehemu ya kujifunza ambako alikwisha kukulipia.

Chukua mwanafunzi aliyefanya majaribio manne akapata wastani wa alama 50. Akitaka wastani wake wa majaribio manane uwe 60, haitoshi apate 60 katika manne yaliyobaki. Lazima apate 70, kwa sababu alama mpya zina kazi ya kuzivuta juu zile za zamani. Saa za paneli ni hivyohivyo, ila zinakwenda chini: ili wastani wa zote ushuke kutoka 204.8 hadi 163.84, paneli nane mpya lazima ziwe chini sana ya 163.84.

Chini kiasi gani? Unatoa jumla kwenye jumla. Paneli 16 zinachukua saa 2,621.4. Nane za kwanza zilichukua 1,638.4. Tofauti ni saa 983, yaani takriban saa 123 kwa kila paneli. Oda ya pili inatumia asilimia 60 tu ya saa za oda ya kwanza.

Hiyo ndiyo hesabu yote ya oda ya marudio: jumla baada ya oda mpya, toa jumla kabla yake. Wastani ni ngazi ya kufikia jumla, na hauzidishwi kwa idadi ya oda mpya hata siku moja, isipokuwa oda ikiwa ni ya kwanza kabisa.

Tazama pia jambo linalowashtua wengi: paneli ya pili. Jumla ya paneli mbili ni saa 640, ya kwanza ilikula 400, kwa hiyo ya pili ilichukua 240. Hiyo ni asilimia 60 ya ya kwanza, wakati kiwango chetu ni asilimia 80. Hakuna kosa hapo. Asilimia 80 ni ya wastani, na ili wastani ushuke kwa asilimia 20 kipande cha pili lazima kishuke kwa 40. Kutokana na hilo unaweza kujua mara moja kwamba mtu anayedai kiwango cha asilimia 45 kwa namna hii ya wastani limbikizi hajui anachosema. Kwenye asilimia 50 kipande cha pili kingechukua saa sifuri, na chini ya hapo kingerudisha saa.

Iko namna nyingine ya mkunjo, iliyotokana na kazi ya J. R. Crawford katika kampuni ya ndege ya Lockheed miaka ya 1940, ambayo asilimia yake huhusu muda wa kipande chenyewe na si wastani. Kwa namna hiyo asilimia 80 ina maana kipande cha pili kinachukua saa 320, si 240. Zote mbili zinatumika duniani. Msiba hutokea mtu anapochukua asilimia iliyopimwa kwa namna moja na kuiingiza kwenye hesabu ya nyingine. Ukipewa kiwango na mtu, swali la kwanza ni kimepimwa kwenye wastani au kwenye kipande.

Oda isipokuwa maradufu

Nane baada ya nane ni bahati nzuri. Mara nyingi mteja ataagiza tano, na 13 haipo kwenye jedwali. Hapo ndipo kanuni inapohitajika:

```
Y = a * X^b
b = log(r) / log(2)
```

Y ni wastani limbikizi wa saa, a ni saa za kipande cha kwanza, X ni idadi ya vipande vyote tangu mwanzo, na r ni kiwango cha kujifunza kikiandikwa kwa desimali. Kwa asilimia 80, b ni −0.3219. Kwenye lahajedwali, wastani wa paneli 13 huandikwa hivi:

```
=400*13^(LOG(0.8)/LOG(2))
```

Jibu ni saa 175.17. Zidisha kwa 13, unapata 2,277. Toa 1,638, zinabaki saa 639 kwa paneli tano, karibu 128 kila moja. Acha lahajedwali likokotoe b lenyewe. Ukiikata kwa mkono kuwa −0.3, makisio ya ile oda ya paneli nane yanaongezeka kwa saa 88, na hutajua zimetoka wapi.

X ndiyo herufi inayokosewa kuliko zote. Wengine huweka 5 badala ya 13 kwa sababu oda ni ya paneli tano, na mkunjo unaanza upya kama vile mafundi wamesahau kila kitu. Jumla ya tano za kwanza ni zaidi ya saa 1,000, kwa hiyo mtu huyo atatoa bei ya juu mno na kushangaa mteja alipotelea wapi.

Kutoka saa mpaka bei

Tuseme saa moja ya fundi inagharimu 20, kwa fedha yoyote unayotaka. Umeme, vifaa vidogo na gharama nyingine zinazokwenda pamoja na saa ni 5. Gharama zisizobadilika za karakana, kama pango na mshahara wa msimamizi, huwa zinagawiwa kwa 15 kwa kila saa ya fundi. Malighafi za paneli moja ni 3,000. Michoro na vigezo vya bati viligharimu 6,000, na zote zilitozwa kwenye oda ya kwanza.

Oda ya kwanza ilikuwa na saa 1,638 kwa 40, jumla 65,520. Ongeza malighafi 24,000 na michoro 6,000, inakuwa 95,520, yaani 11,940 kwa paneli. Iliuzwa kwa 13,000.

Oda ya pili ina saa 983 kwa 40, jumla 39,320. Malighafi ni zilezile 24,000, michoro haipo. Jumla 63,320, yaani 7,915 kwa paneli.

Saa zimeshuka kwa asilimia 40, lakini gharama ya paneli imeshuka kwa karibu theluthi moja, na hata hapo sehemu ya kushuka imetokana na michoro kulipwa mara moja tu. Malighafi hazijifunzi. Sahani ya chuma na swichi zinagharimu kilekile, labda upate punguzo la muuzaji, na hilo ni jambo la mkataba wa ununuzi na si la mkunjo. Kadiri malighafi zinavyobeba sehemu kubwa ya bei, ndivyo kujifunza kunavyoonekana kidogo kwa mteja. Kwa bidhaa ambayo robo tatu ya gharama yake ni vifaa vya kununua, mjadala wote huu una faida ndogo.

Sasa yale majibu matatu ya mwanzo. Kwa saa za msimamizi paneli ingegharimu 11,190. Kwa wastani wa mhasibu, 9,555. Punguzo la mtu wa mauzo linaifikisha bei kwenye 10,400, ambayo ina faida nono juu ya 7,915, ila hakujua kama ina faida. Angeweza vilevile kutaja asilimia 45 kwa moyo mweupe na kuuza kwa hasara.

Je, bei iwe 7,915 na faida kidogo juu? Hapa nina maoni tofauti na yanayofundishwa kwa haraka. Hesabu ya mkunjo inakuambia gharama, haikuambii bei. Mshindani asiyewahi kutengeneza paneli hii ataanza na yake ya kwanza, na yeye pia atafunga reli chini mno na kuifungua. Gharama yake itakaribia ile yako ya oda ya kwanza. Nafasi iliyopo kati ya 7,915 na gharama ya mshindani ndiyo malipo ya kuwa umetangulia, na ni halali kugawana nafasi hiyo na mteja badala ya kumpa yote. Mteja mwenye wakadiriaji wake, hasa mnunuzi mkubwa wa mitambo, atakuwa na jedwali kama hili mezani na atakubana. Wengine hawatakuwa nalo. Vyovyote vile ni lazima ujue mahali sakafu ilipo, na sakafu kamili ni 6,072: malighafi pamoja na saa 983 kwa 25, bila gharama zisizobadilika. Chini ya hapo kila paneli inakula mfuko wako.

Hizo gharama zisizobadilika zina ujanja wake. Oda ya kwanza ilibeba saa 1,638 kwa 15, oda ya pili inabeba 983 tu. Kwenye karatasi pango la karakana limepungua kwa 9,825. Mwenye jengo hajapunguza kitu. Kama saa 655 zilizookolewa zitajazwa na kazi nyingine, kazi hiyo ndiyo itakayobeba fungu lake. Kama mafundi watakaa bure, hiyo 9,825 itabaki bila mwenyewe, na bei inayoonekana kuwa na faida itakuwa imelishwa na akiba. Kabla ya kutia sahihi kotesheni, mwulize msimamizi saa hizo zina kazi gani.

Mkunjo unapokatika

Kanuni haijui kusimama. Ukiiambia X ni 10,000 itakupa jibu, na jibu hilo ni upuuzi, kwa sababu waya hauwezi kufungwa kwa muda mfupi kuliko skrubu inavyozunguka. Kazi nyingi hufika mahali ambapo kasoro za kuondoa zimekwisha, na kuanzia hapo kila kipande huchukua muda uleule.

Tuseme kadi za kazi zinaonyesha kwamba paneli ya saba na ya nane zilikwenda sawa, na msimamizi anaamini mafundi wamefika mwisho. Muda wa kutumia kwa paneli zote mpya basi ni muda wa paneli ya nane, si wastani wa nane. Unaupata kwa njia ileile ya kutoa: jumla ya nane, 1,638.4, toa jumla ya saba, 1,496.6, unabaki na saa 141.8. Paneli nane mpya zinachukua saa 1,135, na gharama inapanda kutoka 7,915 hadi 8,675 kwa paneli. Tofauti ni 760, na imetokana na dhana moja tu. Kwa hiyo kadi za paneli mbili za mwisho zina thamani kuliko kadi nyingine zote, na ni hizohizo ambazo huandikwa kwa uvivu kwa sababu kila mtu ameshachoka.

Hatari ya pili ni kusahau. Mkunjo unadhani kazi inaendelea bila kukatika, kwa watu walewale na mchoro uleule. Mteja akirudi baada ya mwaka, mafundi wawili wameondoka, na ile karatasi ya urefu wa waya imepotea, karakana haiko tena kwenye paneli ya tisa. Haiko kwenye ya kwanza pia, kwa kuwa vigezo vya bati vipo na michoro imerekebishwa. Njia ya kukadiria ni kukaa na msimamizi na kukubaliana mmerudi nyuma hadi wapi. Mkisema uzoefu uliobaki ni sawa na wa paneli tatu, basi oda mpya inahesabiwa kama paneli ya 4 mpaka ya 11. Jumla ya 11 ni saa 2,033, jumla ya tatu ni 843, tofauti ni 1,191 ukihesabu na desimali. Hiyo ni saa 208 zaidi ya zile 983, na gharama ya paneli inafika 8,955.

Mabadiliko ya mchoro hufanya jambo linalofanana, ila kwa sehemu. Mteja akisema "ileile, ila ongezeni pampu ya pili," waya za pampu ya pili ni kazi mpya yenye mkunjo wake unaoanzia kipande cha kwanza, na zilizobaki zinaendelea zilipoishia. Zitenge, uzikadirie mbalimbali, kisha ujumlishe. Kuweka neno "ileile" kwenye kotesheni bila kuhakikisha namba ya toleo la mchoro kumewatia watengenezaji hasara kuliko kosa lolote la hesabu.

Namna ya kujua kama makisio yanashika ni rahisi na haisubiri mwisho wa oda. Kwa saa 983, paneli ya tisa inapaswa kuchukua karibu saa 136. Ikitoka kwa 140, endelea. Ikitoka kwa 180, karakana imerudi nyuma mpaka mahali paneli ya nne ilipokuwa, na bado unazo paneli saba za kuokoa kitu: kumrudisha fundi mzoefu mezani, au kutafuta ile karatasi.

Kwa sababu hiyo kotesheni ya oda ya marudio ni vema iwe na bei mbili zenye tarehe. Moja inategemea saa 983, na inasimama iwapo oda itathibitishwa kabla kundi la mafundi halijahamishiwa kazi nyingine na mchoro ukibaki toleo lilelile. Nyingine inategemea saa 1,191, kwa atakayerudi baadaye. Mteja akiuliza kwa nini wiki chache zinamgharimu zaidi ya 1,000 kwa kila paneli, mwonyeshe kadi ya paneli ya nne na ya paneli ya nane.